Simu ngapi zimetoka wiki hii? Namna ya kujua kama namba imeyumba tu au kuna jambo

Karakana ninayoshika daftari iko Kariakoo, ina meza mbili za mafundi simu, na kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga geti naandika namba moja: simu zilizotoka wiki hiyo. Kutoka maana yake imetengenezwa, imejaribiwa, imewekwa kwenye droo ya kukabidhi. Mteja akikaa wiki mbili bila kuja kuichukua, hiyo ni shauri yake, haihusiani na kazi ya fundi.

Hizi ni wiki 12 za mwanzo tangu tuanze kuandika:

41, 36, 44, 39, 47, 38, 42, 35, 43, 40, 46, 41

Wastani ni 41. Sasa chukua kila wiki na jirani yake uandike pengo lao bila kujali limepanda au limeshuka: 5, 8, 5, 8, 9, 4, 7, 8, 3, 6, 5. Wastani wa mapengo hayo ni 6.18. Zidisha kwa 2.66 upate 16.4. Ongeza kwenye wastani, mpaka wa juu ni 57.4, toa, mpaka wa chini ni 24.6. Kwa Excel au Google Sheets, namba zikiwa B2 hadi B13, ni hivi tu:

```
C3: =ABS(B3-B2)      (buruta hadi C13)
E1: =AVERAGE(B2:B13)
E2: =AVERAGE(C3:C13)
E3: =E1+2.66*E2
E4: =E1-2.66*E2
```

Hiyo 2.66 haikuokotwa. Ni 3 ukigawa kwa 1.128. Ile 1.128 inageuza wastani wa mapengo ya majirani kuwa kipimo cha mtawanyiko, na 3 ni umbali ambao kazi isiyobadilika huvuka kwa nadra sana. Aliyechora mchoro wa kwanza wa namna hii ni Mmarekani Walter Shewhart, Mei 1924, akiwa Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu. Kwa hiyo tumerudi nyumbani.

Chora namba zako kwenye mstari, weka mistari mitatu ya wastani na mipaka, kisha tafuta dalili yako hapa chini.

Dalili ya 1: "Wiki hii tumeshuka sana, kuna nini?"

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Wiki ya 13 zilitoka simu 33. Ukilinganisha na 41 ya wiki iliyotangulia, ni karibu asilimia 20 chini, na mzee wetu alikuwa ameshasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mzee, hiyo 33 bado imo ndani ya mipaka."

"Imo ndani ya nini? Mfukoni kwangu haimo."

Sababu inayoongoza ni kwamba hakuna sababu, yaani hakuna moja ya kuishika mkononi. Wiki moja inaingia simu tatu zilizoanguka majini, kila moja inakula nusu siku. Wiki nyingine ni vioo na sehemu za chaji mfululizo, kazi za nusu saa. Spea imechelewa siku moja, fundi kaenda msibani mchana, mteja amesimama mezani anasimulia. Vyote hivyo vipo kila wiki kwa viwango tofauti, na jumla yake ndiyo inayoipandisha na kuishusha namba kati ya 25 na 57. Ukiketi na fundi umuulize "kwa nini 33?", atakupa jibu, kwa sababu mtu akiulizwa na bosi lazima ajibu. Lakini jibu hilohilo lingefaa pia kwa wiki iliyotoa 44.

Ukaguzi wa kwanza basi ni mwepesi: nukta imetoka nje ya mipaka? Kama haijatoka, usiitafutie mchawi.

Ukaguzi wa pili, hesabu siku. Kwa siku sita tunatoa kama simu saba kwa siku. Idi ikifunga duka siku mbili, simu 14 hazipo, na 27 ndiyo unayopaswa kuitegemea. Saba Saba, Nane Nane, siku ambayo umeme haukuwepo tangu asubuhi, au luku iliyokwisha Jumapili ikagundulika Jumatatu saa nne: yaandike pembeni ya namba siku ileile. Baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka.

Ukaguzi wa tatu, angalia saa ya kufunga hesabu. Ukiona namba ya chini ikifuatwa na ya juu, kisha ya chini tena, huenda simu za Jumamosi jioni zinaandikwa Jumatatu. Kwetu tulikubaliana saa kumi na moja jioni, kilicho kwenye droo kimehesabiwa, kilicho mezani ni cha wiki ijayo, hata kama imebaki skrubu moja.

Niongeze hapa jambo lililotusumbua muda mrefu. Wiki ya 5 zilitoka 47, mzee akafurahi, akaagiza pilau kwa wote. Iliyofuata zikatoka 38. Akasema ukiwasifu wanalegea. Wiki ya 8 zikatoka 35, akawaka kweli kweli, na iliyofuata zikatoka 43. "Mnaona? Ukali unafanya kazi." Pilau haikuharibu kitu wala ukali haukutengeneza kitu. Namba iliyokwenda juu sana kwa kubahatika, wiki inayofuata mara nyingi hurudi karibu na wastani, na ya chini vivyo hivyo. Anayeongoza kwa namba moja moja atajifunza kwamba kusifu kunadhuru na kukaripia kunasaidia, na mchoro ndio uliompinga, maana mimi nisingethubutu.

Dalili ya 2: "Hakuna nukta iliyotoka nje, lakini tunahisi kazi imepungua"

Hii ndiyo dalili yenye hatari, maana mchoro unaonekana mtulivu. Baada ya ile 33 zilifuata 38, 36, 40, 35, 39, 34, 37. Hakuna hata moja iliyokaribia 24.6. Ukiangalia moja moja, zote ni kawaida.

Hesabu ziko upande gani wa mstari wa wastani. Nukta 8 mfululizo upande mmoja ni ishara ya mabadiliko ya kweli, hata kama zote zimo ndani ya mipaka. Mantiki yake ni ya kurusha sarafu: kupata kichwa mara nane mfululizo ni mara 1 katika 256. Kwetu, kuanzia wiki ya 13 hadi ya 20, zote nane ziko chini ya 41 na wastani wake ni 36.5. Sasa ndipo pa kuuliza kuna nini.

Msomaji makini atasema, basi mzee alikuwa sahihi wiki ya 13. Kweli mambo yalianza wiki ile. Lakini ile 33 yenyewe haikuweza kutuambia hivyo, kama ile 35 ya wiki ya 8 isivyoweza. Hasara ya njia hii ni kuchelewa: mabadiliko madogo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Makubwa hutoka nje ya mpaka mara moja.

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

*Kazi zinaingia chache.* Meza haiwezi kutoa simu ambayo haikuletwa. Kwa hiyo kabla ya kumgusa fundi, hesabu simu zilizopokelewa kwa wiki na zilizo kwenye droo ya kusubiri. Wanaoleta wakipungua, droo ya kusubiri hupungua pia, na hilo ni suala la wateja. Kwetu ilikuwa kinyume. Zilizopokelewa zilikuwa zilezile 41 hivi kwa wiki, na droo ya kusubiri ilitoka simu 15 ikafika 40 na ushei. Kwa hesabu kavu ingefika 51, maana tulikuwa tunabakiza nne na nusu kila wiki kwa wiki nane. Tofauti ni wateja waliochoka, wakachukua simu zao na kwenda kwa fundi mwingine.

*Kazi za marudio zimeongezeka.* Simu inayorudi na malalamiko tunaitengeneza tena bure, inakula muda wa meza kama nyingine, lakini haihesabiwi mara ya pili. Nilifungua daftari la marudio. Zamani zilirudi mbili au tatu kwa wiki. Tangu wiki ya 13 zilikuwa sita, saba, wiki moja nane. Ongezeko la nne au tano kwa wiki ndilo pengo lote kati ya 41 na 36.5. Sikuhitaji kutafuta zaidi.

Nilisoma maelezo ya marudio moja moja: tachi haishiki upande wa kulia, tachi inajibonyeza yenyewe, kioo kimebanduka kona. Nikatoa risiti za spea, na wiki ya 12 mwishoni tulikuwa tumebadili muuzaji wa vioo kwa sababu ya bei. Fundi mkubwa alikuwa ameshaona. "Dada, hivi vioo nilivilalamikia siku ya tatu," akaniambia, "nikajibiwa nifunge hivyohivyo." Wiki ya 21 tukarudi kwenye vioo vya zamani. Zilitoka 40, kisha 43, 39, 45. Ile 40 ya kwanza bado ilibeba marudio ya vioo vibaya vilivyokuwa mikononi mwa wateja.

*Mtu au chombo kimebadilika.* Fundi mpya, hadubini iliyopoteza taa, hita ya kubandulia vioo isiyofika joto. Andika tarehe ya kila badiliko la namna hii, uone kama linaangukia mwanzo wa zile nukta nane.

*Kazi zenyewe zimekuwa nzito.* Hii husemwa kwanza na mafundi, na mara chache huwa kweli, lakini inapimika: angalia kwenye risiti ngapi ni vioo na ngapi ni bodi, kabla na baada.

Dalili ya 3: "Mipaka ni mipana mno, haikamati chochote"

Mtu analeta mchoro ambao mpaka wa chini ni hasi 6 na wa juu ni 80. Anasema njia hii haifai.

Mara nyingi amechanganya vitu viwili ndani ya namba moja. Tawi letu la pili lilifanya hivyo: hesabu yao ilijumuisha simu zilizotengenezwa pamoja na kubandika gilasi za kinga. Kubandika gilasi ni dakika tano. Wiki ya mwisho wa mwezi wanabandika 30, wiki ya katikati 6, na mtikisiko wa gilasi unafunika kabisa mtikisiko wa matengenezo. Ukaguzi ni kugawa hesabu iwe michoro miwili. Kama mipaka ya matengenezo peke yake imebana ghafla, umeshampata mkorofi.

Sababu ya pili ni wiki moja ya ajabu iliyoachwa ndani ya hesabu. Mteja mmoja analeta tableti 30 za ofisi, zote za kuondoa betri na kurudisha, na wiki hiyo zinatoka 70. Pengo moja la namba hiyo na jirani zake linavuta wastani wa mapengo juu, na mipaka inatanuka kwa wiki zote. Kuna kipimo chake: zidisha wastani wa mapengo kwa 3.268, kwetu ni 20.2. Pengo lolote linalozidi hapo halikuwa la kawaida. Nukta hiyo iache kwenye mchoro na uandike sababu pembeni, lakini iondoe, pamoja na mapengo yake mawili, unapokokotoa mipaka. Ondoa tu ile ambayo sababu yake unaijua. Kuondoa nukta kwa sababu haipendezi ni kujidanganya.

Ya tatu ni fomula. Wengi hutumia `STDEV` kwa sababu ipo tayari kwenye jedwali. Kama ndani ya data kuna mabadiliko ya kweli, mfano nusu ya kwanza inazunguka 41 na ya pili 30, `STDEV` inahesabu umbali wa makundi hayo mawili kama mtikisiko, inatanua mipaka, na kuficha kilekile unachokitafuta. Mapengo ya jirani kwa jirani hayadanganyiki kirahisi hivyo, kwa kuwa hatua ya kutoka kundi moja hadi jingine inaonekana kwenye pengo moja tu.

Na ukishakagua hayo yote mipaka ikabaki mipana, basi huo ndio ukweli wa kazi yako: inayumba sana. Mpaka wa chini ukiwa hasi, chukua sifuri na uendelee. Usibane mipaka kwa mkono ili ipendeze.

Dalili ya 4: "Kila wiki ya pili kuna ishara"

Hii ni kinyume cha iliyopita, na fupi. Kwanza angalia kama kuna mtu ameweka lengo la mauzo mahali pa mpaka. Lengo la 45 ni matamanio ya mwenye duka. Mipaka inatoka kwenye namba zenyewe. Karakana yenye wastani wa 41 itakosa 45 wiki nyingi bila kuwa na ugonjwa wowote.

Pili, uliza kama kinachochorwa ni wastani wa wiki nne nne badala ya namba ya wiki. Wastani wa namna hiyo hulainisha, majirani wanafanana, mapengo yanakuwa madogo, mipaka inabana, na ishara za uongo zinamiminika. Chora namba mbichi.

Tatu, msimu. Shule zinapofunguliwa au sikukuu zinapokaribia, namba hupanda kila mwaka. Hayo ni mabadiliko ya kweli na mchoro hausemi uongo, ila hayakuambii jipya. Yaandike pembeni.

Nne, mipaka inayokokotolewa upya kila Jumamosi. Hiyo inatembea na tatizo kama kivuli. Mipaka ikae palepale hadi mambo matatu yatimie: ishara imeonekana, sababu yake inajulikana, na hali mpya unakusudia kuendelea nayo. Sisi baada ya vioo hatukukokotoa upya, kwa kuwa tulirudi tulipokuwa. Tungeongeza meza ya tatu, na nukta nane zikakaa juu ya 41, hapo ningeanza mipaka mipya kuanzia wiki ile meza ilipowekwa.

Dalili ya 5: "Namba zimenyooka kupita kiasi"

40, 41, 40, 40, 41. Hakuna karakana inayofanya kazi hivyo. Mapengo yakiwa madogo ghafla, karibu kila mara ni kwamba namba imefungwa kwenye posho au karipio, na mafundi wameanza kuweka akiba: simu tatu zilizokamilika Ijumaa zinafichwa hadi Jumatatu ili wiki ijayo isiwe na shida. Au kazi ngumu ya bodi inasukumwa nyuma, inakaa wiki tano, kwa kuwa haileti namba. Hesabu simu zilizo kwenye droo na umri wa kila moja. Ukikuta kuna za mwezi mzima huku namba ya wiki inang'aa, ondoa posho kwenye hesabu hiyo kwanza, kisha anza upya na wiki 10 au 12 safi.

Mahali pa kusimama na kumwita mwenye ujuzi

Kazi zikiwa chache mno, mfano sifuri, moja, sifuri, mbili kwa wiki, mchoro huu hausomeki vizuri. Unaweza kuhesabu siku kati ya kazi moja na nyingine badala yake, lakini kama uamuzi wa fedha nyingi unategemea hapo, mtafute mtakwimu. Vivyo hivyo kama una matawi mengi yenye misimu tofauti na unataka kuyaweka kwenye hesabu moja.

Kama mtu anataka kutumia mchoro kumkata fundi mshahara au kumwachisha kazi, simama. Namba ya karakana ni ya mfumo mzima, vioo, umeme, wateja na mafundi pamoja, na haimpimi mtu mmoja. Mambo ya ajira yanakwenda kwa mwanasheria wa kazi au afisa kazi, hayakwendi kwa mshika daftari.

Na kuna vitu ambavyo havingojei nukta nane wala moja. Betri iliyovimba, betri iliyotoa moshi mezani, soketi inayocheza cheche: zima umeme, toa watu, achia kazi hapohapo, na soketi aje kuiangalia fundi umeme mwenye leseni. Kwenye daftari wiki hiyo andika siku zilizopotea na sababu yake, hata kama zimetoka simu kumi na tano.